Elektroni Mbili kwa Atomi Tatu

Hesabu ya diborani, gesi yenye fomula B₂H₆, iliwasumbua wanakemia kwa miaka mingi. Kila atomi ya boroni huleta elektroni tatu za nje na kila haidrojeni huleta moja, kwa hiyo jumla ni 12. Ukiichora kama ethani, C₂H₆, boroni mbili zikiwa zimeshikana na kila moja imebeba haidrojeni tatu, utapata bondi saba. Bondi ya kawaida ni elektroni mbili baina ya atomi mbili, na saba mara mbili ni 14. Zinapelea mbili.

Mjerumani Alfred Stock, aliyezichunguza gesi za aina hii kuanzia 1912 katika mirija ya kioo iliyoondolewa hewa kwa sababu zinawaka ovyo, aliacha fumbo hilo mezani. Linus Pauling mwenyewe, bingwa wa bondi, alishikilia umbo la ethani.

Lakini gesi yenyewe ilikuwa ikitoa ushahidi. Haidrojeni zake zinaweza kubadilishwa kwa vikundi vya methili hadi nne tu; ukilazimisha zaidi, molekuli hupasuka. Kama zote sita zingekaa sawasawa, kwa nini mbili zigome? Mwaka 1943, Christopher Longuet-Higgins, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alichapisha jibu pamoja na mwalimu wake Ronald Bell: hizo mbili ni daraja kati ya boroni. Vipimo vya baadaye vilimuunga mkono. Haidrojeni ya pembeni iko pikomita 119 hivi kutoka kwa boroni yake, ilhali ya darajani iko takriban 133 kutoka kwa kila boroni.

Sasa hesabu inalingana. Bondi nne za pembeni huchukua elektroni nane, zinabaki nne, mbili kwa kila daraja. Kwenye daraja, obitali moja ya kila boroni na ile ya haidrojeni huchanganyika, zikazaa obitali tatu mpya zilizotanda juu ya atomi zote tatu. Moja tu kati yake ina nguvu ya kuunganisha, nayo hujazwa na elektroni mbili. Kila upande wa daraja hupata kama nusu ya bondi, ndiyo maana ni mrefu zaidi.

Kwa maoni yangu, upungufu huo uko kwenye mistari ya kalamu zetu. Obitali zote za kuunganisha zimejaa. Elektroni mbili za ziada zingelazimika kwenda mahali pasipoimarisha chochote.

Hata hivyo boroni haiachi kutamani jozi kamili. Ikipewa trimethilamini, ambayo naitrojeni yake ina jozi isiyotumika, madaraja huvunjika na kila BH₃ hujifunga kwenye naitrojeni. Bondi hiyo ni ya atomi mbili, na mstari mmoja unatosha kuichora.