Meno Mazima Yanayong'olewa Bure

Tumchukue mama wa miaka 58. Asubuhi anapiga mswaki, mara anapigwa na kitu kama shoti ya umeme kutoka kwenye fizi ya chini kulia hadi karibu na sikio. Sekunde chache tu, kisha kimya. Akitafuna, inarudi. Upepo ukimgusa shavuni, inarudi. Anakwenda kung'oa gego, lakini maumivu yako palepale. Anang'oa la pili. Si wachache wanaofika kwa daktari wa mishipa ya fahamu wakiwa na mapengo ya meno ambayo hayakuwa na ubaya wowote.

Kinachouma ni neva ya tano ya kichwa, inayoleta hisia za uso mzima kupitia matawi matatu. Mara nyingi ateri iliyo jirani huigandamiza karibu na shina la ubongo, na utando unaoikinga huchakaa kwa kusuguliwa na kila pigo la damu. Hapo hata mguso wa kanga huweza kuwasha maumivu.

Jino bovu hupwita kwa saa nyingi na kumnyima mtu usingizi. Huu hupiga upande mmoja, hukatika kabla ya dakika mbili, na mgonjwa huweza kuonyesha mahali penyewe panapouamsha, ingawa kidole chake hakigusi ngozi. Uso ukiwa na ganzi, au mgonjwa akiwa bado kijana, daktari hushuku uvimbe au ugonjwa mwingine wa neva. Kipimo cha MRI kinafaa kwa kila mgonjwa, lakini kwa hawa hakikwepeki.

Panado haifui dafu hapa. Dawa ya kwanza ni karbamazepini, ileile ya kifafa. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 100 mara mbili kwa siku, ikaongezwa taratibu. Wengi hutulia wakifikia 600 hadi 800 kwa siku. Huleta usingizi na kizunguzungu, na huweza kushusha chumvi mwilini. Vipele vikitokea, hasa pamoja na vidonda mdomoni, mgonjwa aache dawa na akimbilie hospitali siku hiyohiyo. Tena hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dolutegraviri, dawa ya VVU, kwa hiyo daktari aambiwe kila kinachomezwa.

Dawa ikishindwa, kuna upasuaji. Daktari hutoboa fuvu nyuma ya sikio, huitenga ateri na neva, kisha huweka kipande kidogo cha tefloni katikati. Takribani wagonjwa 7 kati ya 10 huwa bado hawana maumivu baada ya miaka 10. Kwa mzee asiyeweza kuhimili operesheni hiyo, sindano hupitishwa shavuni na sehemu ya neva huunguzwa kwa joto. Nafuu huja upesi, ila shavu hubaki na ganzi, na maumivu huweza kurudi baada ya miaka michache. Yakirudi, sindano huweza kurudiwa.