Swali la Mzazi: Je, VPN Peke Yake Yatosha Kumlinda Mtoto?

Swali: *Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mwanangu ana miaka 12, namwachia simu yangu ya zamani, acheza gemu kwa waifai ya jirani. Kijana mmoja wa hapa alinitilia VPN akaniambia sasa mtoto yuko salama. Ni kweli?*

Jibu: Asante mama kwa swali. Kwa ufupi: hapana. VPN ina kazi yake, lakini si hiyo.

Chukua mfano wa boti ya kutoka Mokowe kuja Lamu. Ukiifunika kwa turubai, aliyesimama gatini hatajua ni nani aliyemo wala abeba nini. Lakini turubai halimchagui abiria, na halimzuii nahodha kutia nanga popote atakapo. VPN ni hilo turubai. Inamfunika mtoto asionwe na mwenye waifai. Haioni yule anayechati naye, na haijui kama picha iliyofunguka yamfaa mtoto au la.

Hata huko kufunika kwenyewe, sehemu kubwa tayari hufanyika bila VPN. Programu za malipo, WhatsApp na tovuti nyingi husimba ujumbe wake zenyewe, kwa hivyo jirani mwenye waifai anaweza kujua ni tovuti gani imefunguliwa, lakini si kilichoandikwa humo. Ukiweka VPN, unachofanya ni kumhamishia mwenye VPN kile alichokuwa akikiona jirani. Na kama ni ya bure, jiulize anakula wapi.

Sasa tuangalie hatari inayotuhusu sisi watu wa malipo. Tuseme mtoto anacheza Free Fire, VPN imewashwa. Mchezaji asiyemjua anamwandikia: nitakupa almasi za bure, nipe namba ya mamako, kisha nisomee zile tarakimu 6 zitakazoingia kwa meseji. Mtoto anachukua simu yako, anasoma. Zile tarakimu ni za kusajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Dakika chache baadaye shangazi yako anapata ujumbe kwa jina lako: nimekwama, nitumie elfu mbili kwa namba hii. VPN ilifanya kazi yake vizuri muda wote huo, ikausafirisha ule ujumbe wa tapeli salama salimini.

Kinga ya hapo ni nyingine kabisa. Kwenye WhatsApp yako, fungua `Settings`, kisha `Account`, kisha `Two-step verification`, uweke PIN yako. Hata tarakimu 6 zikisomwa, tapeli ataulizwa PIN hiyo. Isiwe ile ya pesa, na zote mbili mtoto asizijue. Kama namba imeshachukuliwa, isajili WhatsApp upaya kwenye simu yako. Yule mwingine atatolewa. Akiwa alishaweka PIN yake, huenda ukangoja siku 7 kuingia, lakini yeye atakuwa ametoka. Wapigie jamaa mapema wasitume chochote.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi: VPN yaweza kupunguza ulinzi. Kama shule au jirani ameweka kichujio kwenye ruta yake kuzuia tovuti za watu wazima, VPN inakiruka. Na watoto wanalijua hili. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilikuwa haifunguki vizuri kwa watu wengi hapa Kenya, na VPN ndiyo iliyokuwa njia ya kupita. Programu zilizowekwa wakati ule huenda bado zimo simuni. Kwenye Android nyingi, ukiona alama ndogo ya ufunguo juu ya kioo, VPN iko kazini.

Kwa hivyo ulinzi uuweke kwenye simu yenyewe, si njiani. `Family Link` ya Google ni ya bure. Mtoto anafunguliwa akaunti yake, halafu kwenye mipangilio ya `Google Play` unachagua kwamba kila programu isubiri idhini yako. Hapo hata VPN nyingine hawezi kuipakua humo bila wewe kuulizwa. Usimwachie akaunti yako ya zamani kwenye simu hiyo, maana hapo hakuna cha kuulizwa.

Gumzo la ndani ya gemu ni kazi ya kukaa naye. Muulize ni nani anacheza naye na kama kuna aliyemwomba namba, picha au wahamie WhatsApp. Akikuambia ndiyo, usimfokee, na usifute chochote. Piga picha ya mazungumzo, mzuie mtu huyo, kisha piga 116, laini ya watoto. Ni bure, na hupokelewa saa 24.