Ukiacha Kazi Mapema, Unadaiwa Kiasi Gani?

Tuseme fundi wa lifti jijini Dar es Salaam amepata ofa kupitia wakala wa ajira. Mshahara ni mzuri, na kampuni itampeleka kwenye kozi ya mtengenezaji wa mitambo. Katika kurasa za mwisho za mkataba anakuta sentensi hii: “Mwajiriwa atakayeacha kazi kabla ya miezi 24 atarejesha gharama zote za mafunzo.” Wakala anamhimiza asaini kabla ya Ijumaa.

Kifungu cha namna hii si dhuluma chenyewe. Mwajiri aliyemsomesha mtu hapendi kuona mshindani akimchukua mwezi unaofuata. Tatizo liko kwenye maneno yasiyoeleza kitu. “Gharama zote” ni zipi: ada ya kozi tu, au pia nauli, hoteli na mishahara ya siku za darasani? Miezi 24 inahesabiwa tangu aanze kazi, au tangu amalize kozi? Na je, akipunguzwa kazini, bado anadaiwa?

Suala zito zaidi ni deni lisilopungua. Tuseme kozi imegharimu shilingi 4,800,000. Kwa sentensi ile, fundi akiondoka mwezi wa 18 anadaiwa zote, ingawa kampuni imeshanufaika na ujuzi wake kwa robo tatu ya muda. Deni likigawanywa kwa miezi 24, kila mwezi anaofanya kazi unafuta shilingi 200,000. Akiondoka mwezi wa 18, inabaki miezi sita, yaani shilingi 1,200,000. Hilo ndilo badiliko linalofaa kuombwa kwanza, na kampuni nyingi hazioni tabu kulikubali kwa sababu halifuti kifungu.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata ujira apendavyo. Kukata deni kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi. Kwa hiyo angalia kama mkataba una sentensi inayoruhusu kampuni kukata deni kwenye malipo yako ya mwisho, maana ukishasaini, ridhaa umeshaitoa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mikataba inasema kiasi kilichotajwa kulipwa mkataba ukivunjwa ni kikomo tu: anayedai hupewa fidia ya haki isiyozidi hapo. Lakini kubishana mbele ya msuluhishi baada ya kuondoka ni kazi ngumu kuliko kurekebisha sentensi kabla ya kusaini.

Sasa, kwa nini kupitia kwa wakala? Kwa sababu ndiye aliyeleta ofa, na kumruka kunaweza kumuudhi yeye na kampuni. Ila elewa amesimama wapi. Kwa kawaida analipwa na kampuni, na malipo hayo yanategemea wewe kuingia kazini. Anataka usaini, lakini pia hataki ofa ivunjike kwa sentensi moja, hivyo ana sababu ya kulipeleka ombi lako. Asichoweza ni kubadilisha mkataba. Akikuambia kwa simu, “Usijali, hicho hawakitumii,” neno hilo halimfungi mwajiri.

Kwa hiyo mwandikie baruapepe, fupi na yenye maneno mbadala tayari:

“Habari za kazi, dada. Nashukuru kwa ofa, na nia yangu ya kujiunga ipo palepale. Kabla sijasaini, naomba uniulizie kampuni kuhusu kifungu cha mafunzo. Napendekeza kisomeke hivi: deni ni ada ya kozi iliyothibitishwa kwa risiti, isiyozidi shilingi 4,800,000, linapungua kwa sehemu moja ya 24 kila mwezi tangu kozi iishe, na halidaiwi endapo nitapunguzwa kazini. Naomba majibu yao kwa maandishi.”

Barua hiyo haitishii wala haimlaumu mtu. Inampa wakala maneno ya kuyasogeza mbele bila kuyatafsiri kwa namna yake, hivyo ombi linamfikia afisa rasilimali watu kama lilivyoandikwa.

Jibu likija “wamekubali”, bado subiri mkataba uliorekebishwa na ulinganishe kifungu neno kwa neno. Ofisi hutuma nakala ya zamani kwa bahati mbaya. Wakikubali nusu, pima kilichobaki: kikomo cha fedha na deni linalopungua vina uzito kuliko orodha ya risiti. Wakikataa yote, uliza angalau kiasi kitajwe kwa tarakimu. Kampuni isiyoweza kusema kozi yake inagharimu kiasi gani inakuomba usaini deni ambalo yenyewe haijalihesabu, na hapo una sababu ya kutafuta ushauri wa mwanasheria kabla ya Ijumaa hiyo.