Kuomba Kazi Ambayo Haijatangazwa

Meneja wa oparesheni wa kampuni ya kuondosha mizigo pale Kurasini, Dar es Salaam, husoma barua pepe zake kati ya simu ya dereva aliyekwama mpakani na ya mteja anayeuliza kontena lake limefikia wapi. Miongoni mwa ujumbe huo wote umo mmoja wenye kichwa "OMBI LA KAZI". Akiufungua anakutana na maneno aliyokwisha kuyazoea: husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 25, mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo, naomba nafasi yoyote itakayopatikana. Chini yake kuna viambatisho sita. Hana ubaya na aliyeandika, ila hana la kumjibu, kwa sababu hajaulizwa kitu.

Barua ya namna hiyo ina mahali pake. Kampuni inapotangaza nafasi, yenyewe ndiyo imeshauliza swali: nani anaiweza kazi hii? Mwombaji anajibu, na jibu linaingia kwenye faili pamoja na mengine. Pasipo tangazo hakuna faili linalosubiri. Anayeandika inabidi aje na swali lake mwenyewe, tena dogo kiasi kwamba mtu mwenye kazi nyingi aweze kulimaliza akiwa amesimama. Nimeona vijana wakihangaika na lugha ya barua, wakibadilisha salamu na kuongeza sifa, ilhali kasoro iko mwishoni kabisa, pale ambapo swali lilitakiwa liwepo.

Kwanza tuseme wapi barua hii haifui dafu. Ajira serikalini zinapitia Sekretarieti ya Ajira, zinatangazwa, na maombi yanaingizwa kwenye mfumo wake. Kumwandikia mkuu wa idara kumwomba nafasi isiyotangazwa ni kumweka pabaya. Benki na kampuni kubwa nazo mara nyingi zina utaratibu wake wa maombi, na meneja hata akikupenda atakurudisha huko huko. Barua hii inafaa kwa kampuni binafsi ndogo na za kati, ambako anayeielemewa kazi ndiye huyo huyo anayeamua nani aje kumsaidia.

Na huko nafasi hutokea bila kutangazwa kwa sababu za kawaida kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na mama aliyejifungua siku 84. Chukua ofisi yenye makarani wanne wa nyaraka. Mmoja akienda likizo ya uzazi, robo ya mikono imeondoka kwa karibu miezi mitatu, na meli hazipungui kwa ajili hiyo. Ni mara chache meneja atatangaza kazi ya miezi mitatu gazetini. Atauliza wenzake, "Unamjua mtu?" Barua nzuri ni ile iliyomfikia kabla hajaanza kuuliza.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate. Binti amesoma uwakala wa forodha, akapata cheti cha Afrika Mashariki cha fani hiyo katika Chuo cha Kodi, kisha akafanya mazoezi ya kazi kwa miezi sita. Kifaransa alisoma sekondari, akakiendeleza. Siku moja anapita Kurasini, anaona kampuni moja imebandika bango jipya: sasa wanapeleka mizigo hadi Lubumbashi.

Bango hilo lina habari nyingi kwa mtu wa fani. Mzigo wa Lubumbashi unaoshuka bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma kuingia Zambia, halafu Kasumbalesa kuingia Kongo. Ni mipaka miwili badala ya mmoja. Mteja wa Lubumbashi utaongea naye Kiswahili kwenye simu mkaelewana vizuri, lakini karatasi za ofisi zake na za forodha ya kwao ni za Kifaransa. Kampuni iliyozoea Zambia tu huenda haina mtu wa kuzisoma. Huenda anaye, binti hajui. Lakini sasa ana jambo la kuuliza.

Hatua inayofuata ni kujua wa kumwandikia. Anwani ya jumla inayoanza na `info@` husomwa na mtu wa mapokezi, ambaye hawezi kusema ndiyo wala hapana. Binti anapiga simu ya ofisi, anajitambulisha, anasema: "Samahani dada, naomba kujua nani anasimamia nyaraka za transiti, nimwandikie." Hatoi maelezo marefu. Anaandika jina anavyotajiwa herufi kwa herufi, na anahakikisha kama ni Bwana au Bibi. Wengine wa mapokezi hawatoi anwani, na hawana kosa. Hapo jina peke yake linatosha, barua ikapitia anwani ya jumla huku jina la mhusika limewekwa mwanzoni mwa kichwa.

Barua yenyewe ni hii.

> Kichwa: Karani wa nyaraka za transiti, anasoma Kifaransa: swali moja
>
> Habari za asubuhi Bi. ……,
>
> Nimeona kwenye bango la ofisi yenu kwamba mmeanza kupeleka mizigo Lubumbashi.
>
> Nina cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki. Kwa miezi sita nimefanya mazoezi kwenye kampuni ya kuondosha mizigo hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nalinganisha hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi kabla faili halijaingia kwenye mfumo wa forodha, na kufuatilia makontena ya Zambia mpaka yavuke Tunduma. Nasoma na kuandika Kifaransa cha ofisini.
>
> Je, kabla ya Desemba mnatarajia kuhitaji mtu wa nyaraka, hata wa kushika nafasi ya aliye likizo? Jibu la neno moja linanitosha. Kama anayehusika ni mwingine, naomba jina lake.
>
> Nimeambatanisha wasifu wangu wa ukurasa mmoja.
>
> Asante,
> Jina kamili, namba ya simu

Maneno hayafiki 120, na kwenye simu inasomeka bila kusogeza skrini mara nyingi. Hakuna umri, hakuna "mchapakazi". Sentensi ya kulinganisha hati tatu inafanya kazi kuliko sifa zote hizo, na yafaa kueleza kwa nini. Uzito ulioandikwa kwenye hati ya shehena ukipishana na ule wa orodha ya vifurushi, faili hurudishwa kusahihishwa. Wakati huo kontena limekaa. Siku za bure zikiisha, bandari inadai tozo ya kuhifadhi na kampuni ya meli inadai yake ya kucheleweshewa kontena, na mteja anapiga simu akiwa na hasira. Meneja akisoma kwamba mtu huyu amewahi kukaa na karatasi hizo tatu mkononi, yeye mwenyewe anamalizia hesabu iliyobaki. Mtu wa fani nyingine naye atafute sentensi yake ya aina hiyo: fundi wa majokofu aseme ni mitambo gani amefungua, mhasibu aseme alikuwa anafunga hesabu za nini na za kila lini.

Kisha swali. Litazame vizuri, maana ndilo lililobeba barua nzima. Lina muda, "kabla ya Desemba", kwa hiyo meneja halazimiki kutoa ahadi ya maisha. Lina kazi moja, kwa hiyo hakai kufikiri huyu tumweke wapi. Linataja nafasi ya muda, ambayo ndiyo hutokea mara nyingi. Tena lina mlango wa pembeni: kama si yeye, ataje mwingine. "Nafasi yoyote" huonekana kama unyenyekevu, lakini kwa anayesoma ni mzigo, kwa kuwa inamtaka yeye akutafutie kazi ndani ya kampuni yake.

Kuhusu kujitolea. Wengi huandika "niko tayari kufanya kazi hata bila malipo" wakiamini inafungua mlango. Nashauri isiwemo kwenye barua ya kwanza. Meneja hajakuuliza bei, nawe umeshaishusha hadi sifuri, na nauli ya kila siku kutoka Mbagala au Gongo la Mboto itatoka mfukoni mwako. Kushika nafasi ya aliye likizo ni kuingia kwa muda mfupi vile vile, ila ni kazi yenye mshahara.

Kiambatisho kiwe kimoja, cha PDF, na jina la faili limtaje mwenyewe na kazi yake, si `scan0003.pdf`. Vyeti na kitambulisho cha taifa vibaki nyumbani mpaka vitakapoombwa. Vinaifanya barua kuwa nzito kwa anayeifungua kwa data ya simu, na nakala ya kitambulisho si kitu cha kumtumia mtu usiyemjua. Kila kampuni ipelekewe barua yake. Ukijaza anwani thelathini kwenye mstari mmoja, kila mpokeaji anaziona nyingine zote, na hapo habari ya bango imepoteza maana.

Lugha? Ifuate lugha ya bango na ya tovuti ya kampuni. Kampuni nyingi za mizigo huandikiana kwa Kiingereza, basi barua hii hii iandikwe hivyo kwa urefu ule ule. Kiswahili hakimshushi mtu hadhi pale ambapo ofisi yenyewe inakitumia.

Majibu mengi yatakuwa kimya. Zikipita siku saba au nane za kazi, jibu chini ya barua ile ile ya mwanzo, ili aone yote pamoja, kwa sentensi mbili: unakumbushia swali lako, na unaelewa kama kwa sasa hakuna. Kimya kikiendelea, mwache. Simu ya tatu na ya nne humgeuza mtu aliyekusahau kuwa mtu anayekukwepa.

"Tuma kwa rasilimali watu" ni jibu zuri kuliko linavyosikika, mradi unapotuma huko uanze na jina la aliyekuelekeza. "Hatuna kwa sasa" lishukuriwe siku hiyo hiyo kwa mstari mmoja. Lakini likija hivi: "Kwa sasa hatuna, ila Oktoba mwenzetu mmoja anaenda likizo ya uzazi," binti ameshajua tarehe. Amjibu kwamba atamwandikia wiki ya mwisho ya Agosti, aiweke kwenye kalenda ya simu, na siku hiyo aandike kweli, akiongeza tu alichojifunza tangu hapo. Na akijibiwa kwamba nafasi ipo lakini atume kwanza pesa ya fomu au ya kupima afya, asitume, na namba hiyo aifunge.