Kadi ya SHA au Kibubu: Kipi Kibebe Ugonjwa Upi?

Mkenya wa mshahara hana uamuzi wa kufanya. Tangu Oktoba 2024, Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, ulipochukua nafasi ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966, asilimia 2.75 ya mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia mkononi. Anayekuna kichwa ni mtu wa pato la siku: mwendesha bodaboda, mama wa mahamri, fundi wa kulehemu vyuma. Kisheria naye anatakiwa kulipa, lakini hana mwajiri wa kumkata. Basi pesa ikiingia anajiuliza: hizi nizipeleke SHA, au niziweke mwenyewe, nikiugua nijitibu nazo, nisipougua ziwe bado zangu?

Wanaouliza hivyo si wajinga wala wakaidi. Mamilioni wamejisajili, lakini kati ya wasio na ajira rasmi wanaolipa ni wachache sana, na wengi wao wamepiga hesabu yao. Ninachotaka kuonyesha ni mahali hesabu hiyo inapokatika.

Tubuni nyumba moja ya Likoni. Baba anaendesha bodaboda, mama anauza mahamri na viazi karai, watoto ni watatu, na nyanya yao, mama mzazi wa baba, anaishi nao na ana presha. Kwa pamoja wanapata kama shilingi 25,000 kwa mwezi. SHA haiwaulizi hati ya mshahara; inawauliza nyumba imejengwa kwa nini, maji wanayatoa wapi, choo ni cha aina gani, taa ni za nini, kisha majibu hayo yanageuzwa kuwa makadirio ya pato. Tuseme makadirio yameangukia pale pale kwenye 25,000. Asilimia 2.75 yake ni shilingi 687.50 kwa mwezi, na kwa kuwa mtu asiye na mwajiri hulipa mwaka mzima kwa mkupuo, wanadaiwa 8,250.

Kabla hawajatoa hata senti, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kujisajili ni bure, na aliyejisajili anatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vilivyo na mkataba na SHA. Huduma hiyo hulipiwa na mfuko mwingine wa serikali, si kwa mchango wake. Homa ya mtoto, malaria, kidonda cha mguuni: haya hayahitaji ile 8,250. Mchango wa mwaka unanunua kitu kingine kabisa, nacho ni kulazwa, kujifungua hospitalini, upasuaji, kusafishwa damu na mengine ya hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu. Kwa hiyo anayepima faida ya SHIF kwa kuhesabu mara alizompeleka mtoto kliniki mwaka jana anapima kwa mizani isiyo yake.

Sasa tuwawekee kibubu. Waseme, hatuendi SHA, tunaweka 687.50 hizo kila mwezi bila kukosa. Baada ya mwaka wana 8,250, na ni zao kweli. Halafu mama anapata ujauzito wa nne na mtoto anakaa vibaya tumboni, inabidi apasuliwe. Kiwango ambacho SHIF huilipa hospitali kwa kujifungua kwa upasuaji ni shilingi 30,000, na kwa kujifungua kwa kawaida ni 10,000. Tuchukue hiyo 30,000 kuwa ndiyo bei, ingawa hospitali nyingi za binafsi hutoza zaidi. Kwa kuweka 687.50 kila mwezi, kibubu kitaifikia baada ya miezi 44, karibu miaka mitatu na miezi minane. Mimba haingoji hivyo. Na hapo tumedhani kwamba katika miaka hiyo yote hakuna aliyevunjika mguu, na kwamba Januari ya karo ilipita bila mtu kukigusa kibubu.

Udhaifu wa akiba upo hapo, kwenye muda. Akiba hukua polepole na ugonjwa mkubwa huja siku yoyote, hata mwezi wa pili tangu uanze kuweka. Bima haikui. Siku ile umelipa, uzito wake ni ule ule utakaokuwa nao mwezi wa kumi na moja, kwa sababu unaobebwa nao ni mchango wa maelfu ambao mwaka huo hawakuugua.

Watu wa pwani watasema, tuna chama. Ni kweli, na chama ni bima ndogo. Watu 30 wakitoa shilingi 200 kila mwezi wanapata 72,000 kwa mwaka. Hiyo inaweza kubeba upasuaji mmoja wa uzazi na wawili watatu waliolazwa siku chache. Lakini tuseme mwanachama mmoja figo zake zimeshindwa. Kiwango cha SHIF kwa kusafishwa damu mara moja ni shilingi 10,650. Akienda mara mbili kwa wiki ni 21,300, na kwa mwaka inapita milioni moja na laki moja. Chama kitamaliza mfuko wake wote kabla ya wiki ya nne kwisha, na harambee ya mtaa huchangamka mara ya kwanza, ikalegea ya pili, ya tatu watu hawapokei simu. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu, hawana. Kwa ugonjwa wa aina hii hakuna akiba ya familia ya kawaida inayotosha, iwe ya kibubu, ya benki au ya chama, na hapa kwangu hakuna mjadala: mzigo huu ni wa bima.

Ila kulipa SHA kisha kukivunja kibubu nako ni kosa. Bima ina viwango, na viwango vina mwisho. Kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya ngazi ya 4, SHIF hulipa shilingi 3,360 kwa siku, na ngazi ya 5 hulipa 3,920. Ukichagua hospitali ya binafsi inayotoza zaidi, tofauti inarudi kwako. Dawa ikikosekana kwenye duka la hospitali ya umma, daktari anaandika karatasi na wewe unakwenda kununua nje. Kadi haitoi nauli ya tuktuk usiku wa manane, wala chakula cha anayekaa na mgonjwa, wala pato la siku alizokaa kitandani bila kuendesha. Na mwaka 2025 hospitali nyingi za binafsi zilifika mahali pa kudai pesa taslimu kwa wenye kadi, zikisema madai yao hayajalipwa. Aliyekuja na kadi peke yake alirudi nyumbani au alikopa.

Halafu kuna nyanya. Anakula sufuria moja na wenzake, lakini kwa SHA si mmoja wa kaya ile. Anayelipa humwingiza mume au mke wake na watoto wao. Mzazi anajisajili kivyake na analipa kivyake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Familia nyingi huligundua hili mzee akiwa tayari kwenye kiti cha magurudumu mapokezini. Dawa zake za presha, kwa upande mwingine, ni gharama inayojulikana hata kabla mwezi haujaanza. Kituo cha afya kikiwa nazo atazipata huko bure. Zikikosekana ni za dukani. Gharama ndogo, inayorudi, inayotabirika: hiyo ndiyo kazi hasa ya akiba, na bima haina cha kuongeza hapo.

Kanuni hiyo hiyo inawafaa wenye uwezo wanaofikiria kuongeza bima ya kampuni binafsi. Muuzaji atawapa bima ya kulazwa na ile ya matibabu ya kwenda na kurudi. Ya pili inavutia kwa sababu utaitumia kila mara, na kampuni nayo inalijua hilo. Kwa hiyo bei yake hukaribia kile ambacho ungetumia mwenyewe, ukiongeza gharama zao na faida yao. Pesa ikiwa haitoshi zote mbili, nunua ya kulazwa, ya kwenda na kurudi ujiwekee. Kisha usome kipindi cha kusubiri. Kwa uzazi na kwa magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, kampuni nyingi hazilipi kitu miezi ya mwanzo, na miezi hiyo huweza kufika mwaka.

Turudi Likoni tugawe pesa. Deni la mwaka ni 8,250 la kaya na 3,600 la nyanya, jumla 11,850. Ukiigawa kwa siku 365 ni kama shilingi 33 kila siku, kitu ambacho mwendesha bodaboda anaweza kukitenga kwenye safari ya kwanza ya asubuhi. Taabu ya mkupuo ndiyo inayowashinda watu, kuliko ukubwa wa mchango wenyewe, na kibubu kinafaa sana hapa: akiba ya kwanza ya nyumba iwe ya kulipia bima. Mwaka 2025 serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa walioshindwa na mkupuo, lakini huo ni mkopo, na wenye nidhamu ya kuweka hawauhitaji. Unaweza kujisajili kwa kupiga *147#, na ni vizuri kuhakikisha kila mtoto ameorodheshwa, maana asiyeorodheshwa hana bima hata kama baba amelipa.

Wapo wanaosema, nitalipa siku nitakayougua. Siku hiyo utatakiwa mwaka mzima kwa mara moja, usiku, huku hospitali ikidai malipo ya awali na aliyekuwa akitafuta pesa ndiye amelala.

Mchango ukishatengwa, akiba ya pili iwe ya yale ambayo kadi haiyafiki: nauli, dawa za nje, wiki mbili za chakula bila pato. Kwa nyumba hii ningeanza na lengo la shilingi 10,000, niziweke mahali ambapo hazichanganyiki na za biashara. Akaunti ya M-Shwari iliyofungwa kwa muda inasaidia wenye mkono mwepesi, ila pesa ya dharura yote isifungwe, maana sehemu yake lazima ipatikane saa nane usiku. M-TIBA iliyoanza 2016 ilibuniwa kwa tatizo hili hili: pesa iliyowekwa humo hutumika kwa matibabu tu, kwa hiyo karo haiwezi kuila.

Utakuja mwezi mbaya, pikipiki imeharibika na 33 za siku hazipatikani pamoja na za kibubu. Wengi hapo huacha za bima, kwa sababu hazionekani, wakashikilia kibubu kwa sababu kinahesabika. Ningefanya kinyume, mradi kibubu kisishuke chini ya nauli ya kufika hospitali usiku na dawa za nyanya za mwezi mmoja. Ikikosekana akiba ya mwezi mmoja, nyumba imepungukiwa shilingi mia chache, nazo hurudishwa bodaboda ikipona. Mwaka wa bima ukiisha bila kulipiwa, upasuaji ule wa 30,000 unarudi kuwa wao wote.