Barua ya Shukrani kwa Mteja wa Jumla

Barua ya shukrani ambayo muuzaji wa jumla humwandikia mteja wake wa miaka mingi hufuata umbo la barua ya kikazi: anwani mbili, tarehe, kichwa kinachoanza na YAH, saini na muhuri wa duka. Umbo hilo halina taabu. Kazi iko kwenye aya ya katikati, ambayo lazima ionyeshe kwamba anayeshukuriwa ni mteja huyu na si mwingine, na aya hiyo huchotwa kwenye daftari la mauzo.

Mfano ni duka la jumla la Kariakoo linalomwandikia mama mwenye duka la rejareja Kibaha, miaka 10 tangu aanze kununua hapo. Kwanza hutafutwa ankara ya mzigo wa kwanza. Hapo wengi hukwama, maana sheria ya kodi ya Tanzania hudai kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na karatasi za nyuma ya hapo huwa zimeshachomwa au kufungiwa vitumbua. Ankara ikikosekana, ni heri kutaja mwaka tu kuliko kubuni tarehe. Mteja anaikumbuka vizuri siku aliyotoa mtaji wake.

Aya yenyewe inaweza kusomeka hivi: “Mwaka 2014 ulichukua mifuko 2 ya sukari na katoni 5 za sabuni, ukalipa taslimu. Baadaye tukaanza kukupa mali kauli. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, tulikupa mifuko 3 badala ya 10 uliyoagiza. Hukutuhama, na deni la nyuma ulilileta kwa siku yake.”

Mali kauli ni mzigo unaotolewa kwa neno la mdomo, ulipwe ukishauzwa, kwa hiyo kuutaja ni kukiri kwamba mteja aliaminiwa na hakuvunja imani. Uhaba wa 2024 nao ni kweli: mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa na bei ikapaa. Sentensi hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa muuzaji anakiri upungufu wake mwenyewe.

Kinachoharibu barua hizi ni kuchanganya mambo. Orodha ya bei mpya ikiingia humo, shukrani hugeuka tangazo. Deni likitajwa, hugeuka dai. Ahadi ya “punguzo maalumu” nayo huzaa ugomvi kaunta, kwa sababu kijana anayeuza hajui ni kiasi gani. Punguzo huandikwa wazi: shilingi 1,000 kwa kila mfuko wa sukari, mifuko isiyozidi 20, mwisho 31 Desemba, na nakala hubaki kaunta.

Barua hupelekwa pamoja na mzigo, lakini katika bahasha yake. Ikibanwa pini kwenye ankara, mteja huanza kusoma jumla ya chini.