Rafiki Akienda Doha, Mwahidi Kazi

Mwanamume wa Kocholia anapomwandikia barua ya kwaheri rafiki yake wa chanda na pete anayekwenda Doha kwa kazi ya ulinzi, ahadi inayomjia haraka ni kwamba wataongea kila siku. Ni ahadi ya moyo safi, lakini naiona haitoshi. Watafiti Sam Roberts na Robin Dunbar waliwafuatilia vijana wa Uingereza kwa miezi 18, tangu walipokuwa wakimaliza sekondari hadi walipotawanyika, na mwaka 2015 wakachapisha walichokiona: urafiki wa wasichana ulishikiliwa zaidi na mazungumzo, wa wavulana ukashikiliwa zaidi na mambo waliyoyafanya pamoja. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, tena la ugenini, na mtu ana haki ya kuuliza linatuhusu nini. Basi awatazame wazee wa Kiteso waliozunguka chungu cha ajono, kila mmoja na mrija wake. Wanaweza kukaa kimya kitambo kirefu na hakuna anayejiona mpweke, kwa kuwa chungu ni kimoja.

Kwa hiyo barua itaje shughuli ya wawili. Tuseme mwandishi ana kipande cha shamba la mihogo. Anaweza kuandika hivi: “Ndugu yangu, robo ya shamba ni yetu sote. Wewe utalipia palizi, mimi nitasimamia. Kila Ijumaa saa mbili usiku nitakupigia tuamue la kufanya. Mimea ikishikwa na batobato, tutaamua pamoja ipi ing'olewe. Hasara ikija, ni yetu wawili, wala hakuna atakayemdai mwenzake.” Saa haina utata, maana saa za Doha na Kocholia zinakwenda sawa. Siku ndiyo ya kuthibitisha: Ijumaa ni mapumziko kwa wengi Katari, lakini walinzi hufanya kazi kwa zamu, na zamu ikibadilika miadi ihamishwe badala ya kuachwa ife.

Wapo watakaosema pesa huvunja urafiki. Ni kweli, hasa kiasi kikiwa kikubwa na masharti yakiwa ya mdomo tu. Ndiyo maana naona kiwe kile ambacho wote wawili wanaweza kukipoteza bila kulala njaa, na sharti la hasara liandikwe kabla ya jembe kugusa udongo. Anayeogopa hata hicho atafute jambo lisilo na pesa, kama kutazama mechi moja kwa wakati mmoja huku simu ikiwa wazi. Dalili ya kuangalia ni hii: simu zikibaki za “habari” na “nzuri” tu, wiki baada ya wiki, bila lolote la kuamuliwa, shughuli ya pamoja imekwisha. Hapo mwandishi asingoje rafiki arudi likizo. Apendekeze nyingine Ijumaa hiyo hiyo.